Mistari Ishirini na Sita ya Kitanda

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kupima kitanda kwa nje. Nilikuwa na wiki moja tu pale dukani Katesh, nimepewa simu ya duka na kuambiwa niwe napiga picha za samani na kuandika maelezo yake mtandaoni. Hakuna aliyenifundisha. Nilichukua tepu, nikapima kitanda kuanzia ukingo mpaka ukingo, nikaandika kwa fahari: "Upana futi 5 na inchi 4, urefu futi 6 na inchi 6." Niliona nimewazidi wauzaji wote wa wilaya, maana wao huandika "tano kwa sita" basi, kama watu wasio na tepu.

Sikujua kwamba "tano kwa sita" ni kipimo cha godoro linaloingia ndani. Mwalimu mmoja wa Nangwa akakinunua kile kitanda, akasoma maelezo yangu kwa makini, akaona godoro la futi tano litacheza. Akanunua la sita kwa sita. Alituma picha. Godoro lilikuwa limepanda mbavu za kitanda pande zote mbili, limejikunja katikati, kama chapati kubwa kwenye kikaango kidogo. Chini ya picha aliandika: "Nalala kwenye mfereji."

Siku hiyo sikula mchana. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Nikikosea jambo dogo nalibeba siku tatu, na siku ya nne nalitungia kanuni. Kanuni yangu ilikuwa kwamba hakuna mnunuzi atakayechanganyikiwa tena kwa sababu yangu, hata kama itabidi nimchoshe.

Nikaanza kuwachosha. Kila kitanda nilikipima ndani na nje. Niliandika godoro linaloingia, halafu nafasi kinayochukua chumbani, nikaeleza kuwa hivyo ni vitu viwili tofauti. Niliandika unene wa ubavu. Nilihesabu chaga, zile mbao za kubeba godoro, nikaandika ni ngapi na zimepishana inchi ngapi. Nilipeleka kichwa cha kitanda kwa jirani anayenunua mazao, nikakipandisha kwenye mizani yake ya magunia, ili niandike uzito. Jirani akaniuliza kama kitanda nacho kinauzwa kwa kilo siku hizi.

Mwenye duka ni mama wa makamo, wa familia iliyofanya biashara Katesh tangu kabla sijazaliwa. Anauza kwa maneno matatu: "Kizuri, kigumu, chukua." Alikuwa akisoma maelezo yangu huku amesogeza simu mbali na macho.

"Hapa umeandika kichwa na mbavu ni mninga, chaga ni paina," alisema.

"Ndiyo, mama. Ndivyo ilivyo."

"Najua ndivyo ilivyo, mimi ndiye niliyenunua hizo mbao. Nakuuliza, unawauzia watu kitanda au unaungama dhambi?"

"Mtu akilala akasikia chaga imelia, atasema tulimdanganya, mama."

"Akilala akasikia chaga imelia atajua amenenepa." Akanirudishia simu. "Haya, andika. Lakini usiandike na jina la msumeno."

Nilikuwa nimeandika tayari. Nikafuta.

Wanunuzi hawakunisaidia. Ningeweka kitanda chenye mistari ishirini ya maelezo, bei iko mstari wa kwanza, na mtu wa kwanza angeuliza: "Bei?" Wa pili: "Mko wapi?" Nilikuwa nimeandika tuko wapi. Wa tatu: "Na godoro?" Nilikuwa nimeandika, kwa herufi kubwa, kwamba godoro ni la picha tu. Mtu mmoja wa Nambis alisoma kila kitu, nikaona amesoma, nikafurahi, akauliza kama tunauza yule kuku aliyepita nyuma ya kabati. Nilipiga picha upya bila kuku. Akauliza kuku ameenda wapi.

Fundi wetu, mzee mwenye penseli sikioni na vumbi la mbao kwenye nyusi, alikuwa ananiita "mwandishi" kwa namna ambayo si sifa.

"Shikamoo fundi. Hii nguzo ni inchi tatu au tatu na robo?"

"Marahaba, mwandishi. Ni nguzo."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku dada mmoja aliponiandikia kutoka Arusha, ambako anafanya kazi. Alikuwa anamtafutia mama yake kitanda cha nne kwa sita. Mama anaishi Mogitu, amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na alikuwa akilala kwenye kitanda cha zamani cha kamba kilicholegea mpaka kinakaribia sakafu. Kila alipotaka kuamka ilibidi mkwe wake, mke wa mwanawe, aitwe amwinue. "Anachotaka ni kimoja tu," dada aliandika. "Aamke mwenyewe. Ameniambia amechoka kuinuliwa."

Halafu akauliza maswali matatu ambayo kwangu yalikuwa kama wimbo. Kitapita mlangoni? Kinafungwaje? Gari linafika mpaka wapi?

Nilimwomba anipe namba ya mkwe. Mkwe akapima mlango kwa kamba, akaipeleka kamba kwa mwenye tepu, akaniletea jibu: futi mbili na inchi tisa. Nilimuuliza habari za njia. Akasema gari linafika shule ya msingi, baada ya hapo kuna korongo, na mvua ikinyesha ule udongo mweusi hauachii tairi. Kutoka shule ni hatua kama mia sita kwa mguu. Nilimwomba azihesabu. Alizihesabu. Ziko mia sita na arobaini.

Nikaandika maelezo ambayo mpaka leo sijaandika mengine kama hayo. Mistari ishirini na sita. Kitanda kinakuja vipande vinne na furushi la chaga. Kila pembe ina bolti mbili, jumla nane, spana namba 13, na spana tunakuja nayo. Kipande kipana zaidi ni kichwa, kinapita mlango wa futi mbili na inchi tisa kikisimamishwa kwa ubavu wake. Kipande kizito zaidi ni hicho hicho, kilo thelathini na moja, kinahitaji watu wawili. Kukifunga ni nusu saa. Gari letu linaishia shuleni. Kutoka shuleni tunabeba sisi kama hakuna mvua, na kama kuna mvua tunasubiri siku inayofuata, kwa sababu kuvuka korongo na kilo thelathini na moja za mninga si kitu tunachokiahidi. Mstari wa ishirini na sita ulisema kwamba kitanda kikishafungwa na kupokelewa hakirudi dukani.

Dada akajibu: "Sijawahi kusoma kitu kama hiki. Naomba mlete."

Niliisoma hiyo sentensi mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Nikaomba ruhusa kwa mwenye duka niende na gari mwenyewe.

"Unaenda kufanya nini?"

"Kuhakikisha, mama."

"Unaenda kusifiwa," alisema. Alikuwa sahihi.

Tulifika Mogitu asubuhi, jua likiwa limekausha korongo vizuri. Kila kitu kilienda kama nilivyoandika, na nilikuwa natembea nikihesabu mistari yangu inatimia mmoja mmoja. Gari likaishia shuleni. Dereva na mimi tukabeba kichwa. Mkwe, mwanamke mwenye nguvu kuliko sisi wote wawili, akabeba mbavu zote mbili begani peke yake, akatupita kwenye korongo, akatusubiri upande wa pili akiwa amekaa.

Mama wa dada, ambaye kwangu ni bibi, alikuwa mlangoni na fimbo yake. Mdogo, mwembamba, kitambaa kichwani, macho hayakosi kitu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemfanya mkwe wangu ahesabu hatua kama askari?"

"Ndiyo bibi."

"Majirani walidhani tunauza kiwanja."

Kichwa kilipita mlangoni kikiwa kimesimama kwa ubavu, nafasi ikabaki. Bolti nane, spana 13. Nilitazama saa: dakika ishirini na nane. Tukapanga chaga, tukaweka godoro la inchi nane ambalo binti yake alikuwa amelituma mapema, mkwe akatandika shuka la maua. Nikarudi nyuma mpaka ukutani ili nipige picha.

Bibi akasogea kwenye kitanda. Akakigusa kwa fimbo, halafu akasimama kando yake kama mtu anayesimama kando ya ng'ombe wa mwenzake. Ukingo wa godoro ulimfika juu ya mapaja.

"Kizuri," alisema. "Sasa mimi naingilia wapi?"

Mkwe alimshika chini ya kwapa, mimi upande wa pili, tukamketisha. Miguu yake ikaning'inia. Kandambili moja ikadondoka. Alijaribu kushuka, akaangalia sakafu ilivyo mbali, akashika mkono wa mkwe.

"Ilikuwa nikitaka kuamka naitiwa watu wanivute juu," alisema. "Leo nitaita watu wanishushe. Tumesogea."

Nilitoa tepu. Kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro, inchi ishirini na sita. Nilifungua simu, nikapitia mistari yangu yote. Kimo cha kichwa kilikuwepo. Unene wa ubavu ulikuwepo. Chaga zilikuwepo na nafasi kati yake. Kimo cha mahali ambapo mtu anakalia hakikuwepo popote. Nilikuwa nimeandika jinsi ya kukiingiza kitanda ndani ya nyumba, sikuandika jinsi ya kumwingiza mtu kitandani.

Na sababu yake ilikuwa ya kijinga zaidi ya kosa lenyewe. Huku kwetu kila mtu anajua kitanda kinatakiwa kiwe na kimo gani: gunia la mbaazi lipite chini yake likiwa limelala. Fundi hajawahi kupima. Ana kipande cha mti cha inchi kumi na tano, anakisimamisha sakafuni, ubavu wa kitanda unakaa juu yake, basi. Nimelala juu ya magunia tangu utoto. Kwa hiyo sikukiona kama kipimo. Nilikiona kama kitanda.

Nilimpigia binti yake. Nitasema ukweli wote: kwa muda wa milio minne ya simu, kabla hajapokea, nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba hakuuliza kimo. Ilikuwa kweli. Pia nilikuwa na mstari wa ishirini na sita. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa bibi anayegusa sakafu.

Akapokea. Nikamweleza.

"Kaka, nilisoma yote," alisema. "Nilisoma mpaka namba ya spana. Nikajua mtu aliyekumbuka spana amemkumbuka na mama."

Sikumwambia kwamba hakuuliza.

Bibi alikuwa bado amekaa juu, anatusikiliza. "Mwambie hospitali walisema nini," alimwambia mkwe.

Mkwe akaeleza kama mtu aliyekariri. Asikae chini kuliko goti lake. Akae juu ya goti kidogo, na nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Ndipo asukume kwa mikono na asimame. Nyumbani kulikuwa na kiti kimoja tu ambacho bibi aliweza kuinuka mwenyewe, kiti cha mbao pale sebuleni. Nikakipima. Inchi kumi na saba. Nikampima na bibi, kutoka nyayo mpaka nyuma ya goti, akiwa ananiuliza kama namshonea sketi. Kumi na sita.

Nikamwomba mkwe akae kitandani, nikaona godoro linazama inchi moja. Kwa hiyo tulihitaji kumi na nane kwa tepu, ibaki kumi na saba mtu akikaa. Tulikuwa na nane za ziada.

Nikampigia mwenye duka.

"Kata," alisema, baada ya kunisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hafanyi. "Lakini ujue ukishakata hakirudi. Kitanda kifupi Katesh nitamuuzia nani? Kwa hiyo pima kama hujawahi kupima."

Hilo si jambo la kumwambia mtu kama mimi. Nilipima mguu wa kwanza mara sita. Nikampigia fundi.

"Shikamoo fundi. Nataka kukata miguu inchi nane."

"Miguu ya nani?"

Nikamweleza.

"Na gunia la mbaazi litalala wapi?"

Simu ilikuwa kwenye sauti ya juu. Bibi akajibu kabla yangu: "Gunia lilale stoo, fundi! Mimi ndiyo nataka kulala kitandani."

"Shikamoo mama," fundi akasema, sauti imebadilika.

"Marahaba. Mwambie huyu kijana namna ya kukata, maana anapima mpaka mti utaota."

Fundi akaniambia, na niliyaandika maneno yake kama yalivyo: "Usipime kutoka sakafuni kwenda juu. Sakafu za watu zina mabonde. Pima kutoka chini ya ubavu kushuka, miguu yote minne, inchi saba, kata hapo. Kata nje ya mstari, siyo ndani. Na ukisema neno kuhusu robo inchi nakata simu."

Tukamshusha bibi, tukafungua bolti zote nane, tukalaza kichwa na kile kipande cha miguuni juu ya magunia matupu nje. Mkwe akaazima msumeno kwa jirani. Mninga mkavu hauna huruma, dereva na mimi tulipokezana. Mkwe alitutazama miguu miwili ya kwanza, halafu akatunyang'anya msumeno. Vipande vinne vya mbao vilivyochongwa vizuri, na mapambo ya mviringo ambayo fundi huyaonea fahari, vikabaki kwenye majani.

Tukafunga tena. Sasa ubavu ulikuwa inchi saba kutoka sakafuni. Hapakupita gunia hapo, labda paka. Kitanda kilionekana kama kimepiga magoti. Nilijua watu wa Mogitu watakuja kukitazama na kuuliza kama tulikosa mbao.

Bibi alikaa mwenyewe. Nyayo zikagusa sakafu, kisigino na vidole. Alikaa pale muda, akitazama ukuta, nikadhani amechoka. Kisha akaweka mikono kwenye godoro pande zote mbili, akasukuma. Alinyanyuka nusu, akarudi chini. Mkwe akapiga hatua mbele.

"Kaa huko," bibi alisema.

Akasukuma tena. Mara hii akasimama, akashika fimbo, akatoka mlangoni bila kutuangalia, akaenda upande wa choo. Sisi watatu tukabaki chumbani tumesimama kama wageni. Alikaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nadhani alikuwa anatembea tu.

Alivyorudi alikaa, akasimama, akakaa, mara tatu mfululizo, ili tuone au ili yeye aone.

"Haya," alimwambia mkwe, "wape chai watu wa watu. Na usiniamshe kesho."

Njiani kurudi dereva alisema amepeleka samani nyingi lakini hajawahi kuona kitanda kikikatwa miguu nyumbani kwa mteja. Nilikuwa naandika kwenye simu. Niliyatoa maelezo yote yaliyokuwa mtandaoni, vitanda kumi na moja na makochi manne, na kesho yake nikavipima vyote upya nikiwa nimevikalia. Fundi alinikuta nimekaa kwenye kochi na tepu kati ya miguu, akapita bila kusema kitu, jambo ambalo kwake ni adabu kubwa.

Siku hizi maelezo yangu ni mistari kumi. Mstari wa pili unasema kuna inchi ngapi kutoka sakafuni mpaka mahali unapokalia, godoro likiwa juu, na kama gunia linapita chini au halipiti. Fundi anatengeneza vimo viwili, na kile kifupi kinanunuliwa. Nimeuondoa mstari wa kutorudisha, mwenye duka akalalamika siku mbili kisha akazoea. Na kabla sijaandika kipimo chochote kwa mtu anayeagiza, namuuliza ni nani atakayelala hapo, na huwa anaamkaje.